Kinyama kimetolewa, majibu bado: mwongozo wa siku za kungoja

Mdogo wangu alitolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa saratani maabara, kwenye uvimbe wa titi la kushoto Jumanne asubuhi, hapo Unguja. Ana miaka 34 na watoto watatu. Daktari alimwambia, "Dada, majibu wiki mbili inshaallah," akamwandikia tarehe nyuma ya kadi. Jioni ya siku ya pili tukapanda boti kurudi Pemba. Safari nzima alikaa na mkono juu ya kanga, pale palipofungwa plasta, kama mtu anayeshikilia kitu kisianguke.

Majibu yaliyotajwa kuwa ya siku 14 yalikuja siku ya 24. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningetaka tuambiwe siku ile ya kwanza. Nayaandika kwa kinyama cha titi, kwa kuwa ndicho tulichokipitia na ndicho kinachowakimbiza wanawake wengi usingizi. Kinyama cha shingo, cha tezi au cha mji wa mimba hupita njia hiyo hiyo kwa sehemu kubwa.

Hili liwekwe mbele: vivimbe vingi vya matiti, hasa kwa wanawake walio chini ya miaka 40, si saratani. Na hata ikiwa ni saratani, wiki mbili tatu za kungoja majibu hazibadilishi matokeo ya matibabu. Kinachoumiza ni kuchelewa kwa miezi. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kushikilia kwa pamoja: usijitese kwa siku moja moja zinazopita, na usiiache tarehe ya majibu ipite bila kuuliza. Ila titi likiwa jekundu na la moto, ngozi ikivimba na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, au uvimbe ukikua unauona kwa macho wiki hadi wiki, usingoje tarehe. Rudi umwoneshe daktari.

Kabla hujatoka mlangoni

Muulize daktari au muuguzi mambo manne, na uyaandike hapo hapo, kwani ukifika nyumbani utakuwa umeshayasahau yote isipokuwa uso wa daktari.

La kwanza ni namna kinyama kilivyotolewa. Sindano nyembamba inayofyonza majimaji na chembe huweza kutoa majibu ndani ya siku chache. Sindano nene, ile inayopiga "tak!" kama kibunduki, hutoa vipande vyembamba kama tambi, na hivyo hupita safari ndefu zaidi maabara. Kama uvimbe wote umetolewa kwa kisu, basi mtaalamu ana nyama nyingi ya kuangalia na siku huongezeka. Aliyetolewa kwa sindano nene akijilinganisha na shoga yake aliyejibiwa siku ya tatu atajitia wasiwasi bure.

La pili ni wapi kinyama kitasomwa. Kinaweza kusomwa hapo hapo, kinaweza kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, au kikavushwa mpaka Dar es Salaam. La tatu ni namba ya kinyama chenyewe. Namba ya kadi yako ni kitu kingine. Hii ni ile iliyoandikwa kwenye kichupa na kwenye fomu, na maabara nyingi hutafuta kwa namba hiyo kabla ya jina. Kwetu Visiwani akina Fatma Ali na Asha Juma ni wengi mno kwa jina kutosha. La nne ni simu ya kuulizia, na saa gani mwenye simu hiyo huwa mezani.

Halafu kitazame kichupa kwa macho yako. Jina liwe limeandikwa kwenye mwili wa kichupa, kwani kifuniko maabara hukivua na kukiweka kando. Fomu iwe na umri wako, titi lipi, na sehemu gani ya titi. Usione haya kuuliza. Muuguzi mzuri hatachukia, na tutaona mbele jinsi maneno mawili yaliyokosekana kwenye fomu yalivyotupotezea siku kumi.

Kuhusu kidonda: bonyeza pale kwa dakika kumi ukiona damu, vaa sidiria inayobana vizuri hata usiku wa mwanzo, na tarajia titi kugeuka rangi kama lililogongwa kwa wiki moja hivi. Maumivu yatulize kwa panadoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Aspirini iache, labda kama daktari alikupa kwa ajili ya moyo. Damu isiyokoma kwa kubonyeza, usaha, homa, au wekundu unaosambaa ni sababu za kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Na acha kukigusagusa. Mdogo wangu alikuwa akikibinya uvimbe kila akienda chooni, na kila ukiuma zaidi akaamini unakua. Mimi nikamwambia, "Mdogo wangu, nyama yoyote ukiibinya mara ishirini kwa siku itauma." Tukakubaliana asiuguse mpaka siku ya kurudi kwa daktari.

Kinyama kiko wapi sasa hivi

Kilichonitesa mimi zaidi ni kutojua. Nilidhani kinyama kimewekwa kwenye mashine, mashine ikajibu, na mtu fulani amekaa na karatasi hataki kutupa. Sivyo kabisa.

Kinyama kikitoka mwilini huingizwa kwenye formalini, dawa inayozuia nyama kuoza na kuikaza ilivyo. Inatakiwa iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kwa kinyama cha titi hukaa humo kuanzia saa 6 mpaka saa 72. Baadaye hutolewa maji yote kwa spiriti ya nguvu inayoongezwa hatua kwa hatua, mara nyingi usiku kucha, halafu huingizwa nta ya moto, inapoa, na kinyama kinabaki ndani ya kibonge kigumu cha nta. Mtu huketi na mashine yenye wembe akakata kibonge hicho vipande vyembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi, akaviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu, akavinasa kwa kioo. Kisha hupakwa rangi mbili, ya buluu iliyokoza na ya waridi, na ndipo mtaalamu wa patholojia anapoketi na hadubini kuvisoma kimoja kimoja.

Kazi yenyewe, mambo yakienda sawa, ni ya siku nne tano. Zinazobaki ni za foleni, za wikiendi, za boti, na za saini ya mtaalamu mwenye vioo vingi mbele yake. Kwa hiyo usichukue kuchelewa kama alama. Wengi husema, "Yangekuwa mazuri wangeshaniita." Maabara haipangi majibu hivyo. Hata ukiambiwa kuna kipimo cha ziada kinafanywa, huwezi kujua kitu kwa hilo: wakati mwengine ni kwa kuwa wameona saratani na wanataka kujua aina yake, wakati mwengine ni kwa kuwa wameona kitu cha kawaida wanachotaka kukihakikisha.

Kwa sisi wa Pemba kuna jambo jengine. Mara nyengine jamaa hukabidhiwa kichupa akipeleke mwenyewe Unguja au Dar. Kikikuangukia wewe, kifunge kifuniko kwa plasta, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya kopo gumu kisimame wima, na fomu iwe kwenye mfuko wake mbali na maji. Usikitie kwenye friza. Usikifungue hata kwa dakika, maana moshi wa formalini unachoma macho na pua. Ukiona dawa imepungua usiongeze maji. Rudi kwa aliyekupa. Bahari ikichafuka kwa kusi na boti isiondoke, siku moja mbili hazidhuru, kinyama kiko salama ndani ya dawa yake. Zikizidi siku tatu bado mtaalamu huweza kusoma kama kuna saratani au hakuna, lakini vipimo vya baadaye vya vipokezi vya homoni, vinavyoamua dawa gani itumike, huweza kuvurugika. Kwa hiyo kichupa kisilale nyumbani kwa mjomba wiki nzima kwa kungoja mtu anayekwenda mjini.

Simu mbili, kwa siku maalumu

Hapa ndipo tulipokosea. Sisi tulikaa kimya mpaka siku ya 15, tukidhani kupiga simu ni usumbufu. Nilipopiga, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Assalaam alaikum. Naulizia majibu ya kinyama cha mdogo wangu, kilitolewa Jumanne ya wiki mbili nyuma."

"Waalaykum salaam. Namba?"

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akifunua daftari.

"Bibi, hiki kipo hapa lakini hakijaingizwa. Fomu haina umri wala upande wa titi. Tulikuwa tunamngoja daktari."

Kichupa kilikuwa kimekaa kwenye rafu siku zote zile. Hospitali siitaji, na yule dada wa kwenye simu alinisaidia kwa moyo safi. Lakini wakati mdogo wangu anahesabu usiku na kusema "wameshaona, wananificha," hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa amekitazama.

Kwa hiyo piga simu ya kwanza siku ya tatu au ya nne, uulize jambo moja tu: "Kinyama kimefika na kimeingizwa kwenye daftari la maabara?" Wakisema ndiyo, uulize kama fomu imekamilika, ushukuru, ufunge simu. Simu ya pili ipige siku ya majibu asubuhi kabla hujalipa nauli ya boti. Hapo uliza kwa mpangilio: kimeshakatwa? Kimeshasomwa? Kimeshasainiwa? Jibu la kila swali linakwambia kilipokwama. Kilichosomwa bila kusainiwa ni suala la siku moja mbili. Kisichokatwa ni suala la wiki, na hapo ombeni tarehe mpya iliyo wazi.

Kati ya simu hizo mbili, simu isipigwe. Na mpigaji awe mtu mmoja, si mgonjwa. Mgonjwa anayepiga kila asubuhi hubaki na roho juu mpaka jioni, kwani sauti ya "bado" huisikia kama hukumu. Msitake pia kusomewa majibu kwa simu. Mwambieni mtu wa maabara, "Tuambie tu kama yako tayari, tutakuja kwa daktari."

Siku zilizo katikati

Khofu ya kungoja haikai sawa kutwa. Kwa mdogo wangu mchana ulikuwa mwepesi; ilikuwa msimu wa karafuu, na alikuwa akikaa barazani na mama kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vikinuka mpaka usiku. Nililiona kwa macho yangu: akiwa na pishi mbele yake alizungumza, hata akacheka. Akiachwa kitandani "apumzike", akavunjika. Watu wenye nia njema humwondolea mgonjwa kazi zote, na hilo humwachia akili wazi kwa ajili ya khofu. Kidonda cha sindano hakizuii kazi nyepesi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo asibebe ndoo ya maji wala asitwange upande ule. Mengine afanye, hasa kazi ya mikono yenye mwisho unaoonekana: kuchambua karafuu, kusuka ukili, kuchagua mchele, kushona.

Khofu nayo ipe saa yake. Sisi tuliichagua baada ya alasiri, nusu saa. Alikaa na mimi na daftari, akasema kila kinachomjia: nikifa nani atawapeleka watoto skuli, mume wangu ataniacha, nitakatwa titi. Kilichokuwa swali la daktari tulikiandika kwenye ukurasa wa daktari. Kilichokuwa jambo la kupanga, kama nani atabaki na watoto siku ya safari, tulilipanga. Kilichobaki hakina jibu kabla ya majibu, na hicho tulikiandika pia, tukafunga daftari. Wazo likirudi usiku alijiambia, "Limeshaandikwa, kesho alasiri." Siku mbili za mwanzo halikusaidia sana. Kuanzia ya tatu likaanza kumshika.

Saa nane za usiku ni saa mbaya kuliko zote. Ukiamka na moyo unakwenda mbio, usibaki umelala ukihesabu mabati. Ikipita kama robo saa bila usingizi, ondoka kitandani, kaa pahala pengine penye mwanga mdogo, vuta pumzi polepole kwa pua na uitoe polepole zaidi, mpaka mwili utulie, kisha rudi. Anayetaka kusali usiku ule asali. Mdogo wangu alisema rakaa mbili zilimtuliza kuliko chochote nilichomwambia mimi. Kahawa na chai ya rangi viishie alasiri. Na simu ilale chumba chengine, kwani mtu akiandika "uvimbe wa titi" saa nane za usiku ataoneshwa picha za matiti yaliyooza, yasiyohusiana na lake hata kidogo.

Watu nao wana njia yao. Wifi, jirani, mwalimu wa madrasa, kila mmoja atauliza, "Majibu vipi?" na kila swali humrudisha mgonjwa mwanzo. Tayarisheni jibu moja la nyumba nzima: "Bado, yakija tutawaambia, tuombeeni dua." Likishasemwa, badilisheni mazungumzo. Mume aambiwe ukweli wote mapema, tarehe na simu na kila kitu, kwa sababu mume anayefichwa huanza kusikia kwa watu wa nje. Watoto wadogo waambiwe tu kwamba mama ana kidonda, asiparamiwe.

Atakuja pia mtu na dawa. Dua, kisomo na maji ya kombe hayagongani na kipimo, na kwa wengi wetu ndiyo nguzo ya siku hizi. Lakini titi lenyewe lisiguswe: lisichanjwe chale, lisipigwe chuku, lisichomwe wala kukandwa kwa dawa. Kidonda kitaingia vidudu, nyama itavimba na kubadilika, na daktari akitaka kulipima tena hatajua kipi ni ugonjwa na kipi ni moto. Shangazi yetu alikuja na dawa ya kupaka. Mama hakumvunjia heshima. Alimwambia, "Dawa tumeipokea, tunangoja kwanza daktari asome," akaiweka kabatini.

Kama usiku unapita wa tatu na wa nne bila usingizi kabisa, chakula hakiingii, au mtu anasema afadhali afe kuliko kungoja, hilo halingojei majibu. Apelekwe kituo cha afya, asiachwe peke yake. Kwa walio Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu wapo wanaotibu khofu ya namna hii, na kwenda huko si wazimu.

Kuyapokea

Nendeni wawili, na wa pili awe na daftari na kalamu. Mgonjwa akishasikia neno la kwanza, mara nyingi hasikii yanayofuata. Bahasha ikitolewa dirishani kabla ya daktari, isifunguliwe barazani. Karatasi imeandikwa Kiingereza cha kitabibu na maneno yake hudanganya: "negativu" mahala pamoja ina maana hakuna saratani, na mahala pengine kwenye karatasi hiyo hiyo huzungumzia vipokezi vya homoni, jambo jengine kabisa.

Kwa daktari, maswali ya kwanza ni matatu. Kuna saratani au hakuna? Majibu haya yanalingana na ulivyogusa na ulivyoona kwenye ultrasaundi? Kinachofuata ni nini, na lini?

Swali la pili ndilo watu wasilolijua, nalo ni zito. Sindano huweza kupita pembeni ya uvimbe ikachota nyama isiyo na ugonjwa iliyo jirani. Karatasi ikasema "hakuna kitu", na uvimbe ukabaki. Ndiyo maana madaktari huweka pamoja mambo matatu: mkono, picha na kinyama. Matatu yakikubaliana, mnaweza kuamini. Picha ikiwa ya kutia shaka na kinyama kinasema salama, kinyama hurudiwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba hivyo. Kuna pia jibu la "sampuli haitoshi". Hilo lina maana moja tu, kwamba nyama ilikuwa ndogo au ilikuwa damu tupu. Hurudiwa, na halisemi lolote kuhusu ugonjwa.

Ikiwa ni saratani, ombeni siku hiyo hiyo tarehe ya hatua inayofuata na nakala ya karatasi. Ulizeni kibonge cha nta na vioo vimehifadhiwa wapi, kwani mkipewa rufaa, kwa mfano hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, huenda vikahitajika, na kuvifuata kutoka Pemba baada ya mwezi ni safari nyengine.

Sisi tuliitwa siku ya 24, Alkhamisi. Daktari aliisoma karatasi mara mbili, akaifungua tena ultrasaundi, akamlaza mdogo wangu akamgusa. Kisha akasema, "Ni fibroadenoma. Ni uvimbe wa kawaida, si saratani, na picha inakubaliana." Mdogo wangu akaniangalia mimi kwanza, kama anayeuliza nimesikia kama alivyosikia yeye. Nilikuwa nimeshaandika. Aliambiwa arudi baada ya miezi sita kwa picha, na mapema zaidi kama uvimbe utakua. Nakala ya karatasi tumeitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi, ndani ya sanduku la vyeti vya watoto, na namba ya kinyama imeandikwa kwa nje.